Basi limechelewa: mwenyeji aambiwe saa ngapi?

Abiria wa Iringa anayeondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa 12 asubuhi, kwa kawaida humwambia mwenyeji wake atafika saa 9 alasiri. Ni kama kilomita 500, na saa 9 za safari zinatosha kama njia ni nzuri. Sasa basi linakata mkanda wa feni maeneo ya Doma, baada ya Morogoro, na kondakta anawaambia abiria watulie, fundi anakuja. Shangazi kule Iringa ameshaanza kuchambua mchele.

Hapo wengi hukosea kwa namna mbili. Mmoja hukaa kimya akingoja gari lipone ndipo aseme. Mwingine hukimbilia kutaja saa mpya wakati gari limesimama na hakuna ajuaye litaondoka lini. Saa hiyo nayo ikipita, atalazimika kutaja nyingine, na mwenyeji atachoka kumwamini. Gari likiwa limesimama, taarifa ya kweli ni hii tu: "Shikamoo shangazi. Ni saa 5 asubuhi, gari letu limeharibika Doma. Saa 9 sitawahi. Usitoke kwenda stendi, nitakwambia saa ya kufika tukishaondoka." Angalia kwamba ujumbe unataja saa ya kuandikwa. Mtandao huyumba njiani, na meseji ya saa 5 inaweza kuingia saa 7. Bila saa hiyo, msomaji atadhani ndiyo kwanza mnaharibikiwa.

Gari likiondoka, usichukue saa 9 ukaongeza muda mliosimama. Hesabu upya kuanzia hapo ulipo. Tuseme mmepoteza saa 2 na mmeingia Mikumi mjini saa 7:30 mchana. Zimebaki kama kilomita 200. Sheria inaruhusu basi kwenda kilomita 80 kwa saa, lakini vijijini ni 50, bado kuna mizani, kuna kusimama kula, na kuna Kitonga. Ukichanganya vyote, kilomita 50 kwa saa ni makadirio ya haki. Mia mbili gawanya kwa 50 ni saa 4, kwa hiyo mtafika saa 11:30 jioni. Aliyejumlisha saa 2 tu angesema saa 11, maana amesahau kwamba kipande kigumu cha barabara bado kiko mbele.

Kipande hicho ni Kitonga. Barabara inapanda mlima kwa kona kali, malori yenye mzigo yanajikongoja, na moja likifa katikati ya kona, foleni inashuka hadi bondeni. Ndiyo maana mwenyeji asipewe saa moja kavu, apewe mwanzo na mwisho: "Tumepita Mikumi saa 7:30. Nategemea kufika kati ya saa 11:30 na saa 12:15 jioni. Nitapiga tukifika Ilula." Usiongeze kwamba dereva atafidia muda. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha LATRA kinachofuatilia mwendo, na dereva akizidisha kinaonyesha. Zaidi ya hayo, hakuna shangazi anayetaka mgeni wake afidiwe kwenye mteremko.

Ilula imechaguliwa kwa sababu. Ukiona wauza nyanya na vitunguu wananyanyua ndoo hadi usawa wa dirisha, Kitonga umeshauacha nyuma na zimebaki chini ya kilomita 50. Kutoka hapo makadirio hayawezi kupotea sana. Hapo ndipo simu ya kupiga inafaa kuliko meseji: "Shangazi, tupo Ilula, ni saa 11 kasoro robo. Stendi ya Igumbilo tutakuwa saa 12 kasoro robo." Anayekuja kukupokea ataanza safari yake kutokana na simu hiyo, si kutokana na ile ya Mikumi. Kama giza litakukuta na ndiye yeye anayetakiwa kutoka na watoto, mwambie mapema kwamba utachukua bajaji mwenyewe. Akikataa, ni uamuzi wake, lakini amefanya akijua saa.

Jibu la kondakta, "tunakaribia," lisitumwe kwa mwenyeji kama lilivyo. Muulize mmefika wapi na kama kuna foleni mbele. Yeye huwasiliana na wenzake waliotangulia, na habari ya lori lililokwama Kitonga humfikia mapema. Hiyo ndiyo itakayokwambia uongeze nusu saa au saa nzima.

Simu ikizima chaji, omba ya jirani wa kiti, na uanze kwa jina lako, kwa sababu namba hiyo shangazi haijui: "Ni mimi Neema, hii simu ni ya abiria mwenzangu, usinipigie hapa baada ya kushuka." Kisha mahali mlipo, saa ilivyo, na saa ya kufika.