Asilimia Nne za Udogo

Tuchukue mwenye kiwanda kidogo cha alizeti Singida anayetaka mashine mpya ya kukamua mafuta kwa shilingi milioni 120. Anatarajia imwachie milioni 36 kila mwaka kwa miaka 5, gharama zikishatolewa. Jumla ni milioni 180, lakini pesa ya mwaka wa tano si sawa na pesa ya leo. Kwa hiyo mhasibu huishusha kwa kiwango cha punguzo, yaani faida ambayo mwekezaji angedai kwa hatari ya aina hiyo. Kwa asilimia 14, thamani ya leo ni milioni 123.6. Mradi unalipa.

Kisha mshauri anatia neno: kampuni ni ndogo, hisa zake haziuzwi sokoni, ongeza asilimia 4. Kwa asilimia 18 thamani inashuka hadi milioni 112.6. Mradi umekufa, na hakuna kilichobadilika kiwandani.

Nyongeza hiyo ina historia. Mwaka 1981 Rolf Banz alionyesha kuwa katika soko la hisa la New York kampuni ndogo zilikuwa zimewalipa wenye hisa zaidi ya ilivyotarajiwa kwa hatari yao. Baadaye tofauti hiyo ilififia sana, na wataalamu bado wanabishana kama ipo. Hata ikiwepo, ilipimwa kwa kampuni zilizo sokoni, ambazo nyingi ni kubwa mno kuliko kiwanda chetu.

Hofu ya mshauri si ya bure, ila ameiweka mahali pasipo pake. Tuseme anachohofia hasa ni wateja kuchelewa mwaka wa kwanza: nafasi moja kati ya nne kwamba zitaingia milioni 24 tu. Hapo tarajio la mwaka huo ni milioni 33. Ukipunguza kwa asilimia 14 ileile, mradi unabaki na ziada ya karibu milioni 1. Nyongeza ya asilimia 4, kwa upande wake, inakata kila mwaka, na kadiri miaka inavyosogea ndivyo inavyokata zaidi. Shilingi ya mwaka wa tano inatoka senti 52 hadi 44, ilhali mwaka huo wateja wameshazoea mafuta yake.

Ugumu wa kuuza hisa za kampuni isiyo sokoni ni gharama ya kweli, hasa kwa mtu aliyeweka mali yake yote humo. Basi iitwe hivyo, na ihesabiwe mara moja. Nimeona hesabu zenye nyongeza ya udogo, ya kutouzika na ya “hatari maalumu”, zote tatu zikiogopa kitu kilekile.

Ukiletewa hesabu ya namna hiyo, mwombe mshauri ataje tukio analoliogopa, mwaka wake na kiasi cha pesa kitakachopotea. Akishindwa, ifute nyongeza hiyo.