Shamba la ukingoni mwa mto: vigingi saba, vipande sita

Shamba la pembe nne halisumbui mtu: urefu mara upana, kazi imekwisha. Taabu huanza pale upande mmoja unapokuwa ni mto. Hapo wengi hupima upana mara tatu, mwanzoni, katikati na mwishoni, wakatafuta wastani na kuuzidisha kwa urefu.

Tuchukue mfano wa shamba lenye urefu wa mita 60. Upande mmoja umenyooka, upande wa pili mto umelipanua kwa nje kama tumbo la mtungi. Mwanzoni upana ni mita 12, katikati 23, mwishoni 12. Wastani wa vipimo hivyo hauzidi 15.7, na eneo linakuwa mita za mraba 940. Sasa tulipime upya kwa makini, tuone mwenye shamba amepunjwa kiasi gani.

Vuta kamba kwenye upande ulionyooka, kisha chomeka kigingi kila baada ya mita 10. Mita 60 zitakupa vigingi saba na vipande sita. Kutoka kila kigingi pima hadi ukingo wa mto, tepu ikiwa pembemraba na kamba. Ikilala upande, kipimo kitakuwa kirefu kuliko kilivyo. Vipimo vyetu ni 12, 17, 21, 23, 22, 18 na 12.

Ukiunganisha ncha za vipimo hivyo kwa mistari iliyonyooka, kila kipande kinakuwa trapeza, na jumla yake ni mita za mraba 1,130. Lakini mto haukunyooka baina ya kigingi na kigingi, na kila mstari uliochora umekata tumbo dogo la shamba. Dawa yake ni kuchukua vipimo vitatu kwa mpigo na kupitisha juu yake mpindo uitwao parabola, ule unaofuatwa na jiwe lililorushwa.

Tazama vipande viwili vya katikati, vyenye vipimo 21, 23 na 22. Ukivuta mstari kutoka ncha ya 21 hadi ncha ya 22, katikati yake upana ni 21.5. Chini ya mstari huo, kwa urefu wa mita 20, kuna mita za mraba 430. Mto wenyewe uko kwenye 23, yaani umechomoza nje kwa mita 1.5. Arkimedi wa Sirakusa alithibitisha, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwamba tumbo la parabola ni theluthi mbili za urefu wa mstari mara kina cha tumbo. Theluthi mbili za 20 mara 1.5 ni 20. Jumla ni 450, wakati trapeza mbili zingekupa 445.

Hesabu hiyo ikifupishwa huwa hivi: kipimo cha kwanza, jumlisha mara nne ya kile cha kati, jumlisha cha tatu, kisha zidisha kwa theluthi ya nafasi kati ya vigingi. Ukiunganisha jozi zote tatu, vipimo vya mipakani mwa jozi vinahesabiwa mara mbili, kwa kuwa kila kimoja ni cha majirani wawili:

```
A = (10/3) × [12 + 12 + 4(17 + 23 + 18) + 2(21 + 22)]
A = (10/3) × 342 = 1140
```

Mita za mraba 1,140. Wastani wa vipimo vitatu ulikuwa umemeza 200, kiwanja kizima cha mita 20 kwa 10.

Kanuni hii inaitwa ya Simpson, kwa jina la Mwingereza Thomas Simpson, mfumanguo aliyejifunza hisabati na kuichapisha mwaka 1743. Kepler alikuwa amekwisha kuitumia kabla yake kukadiria ujazo wa mapipa ya mvinyo.

Kwa kuwa vipande huenda viwili viwili, idadi yake lazima iwe shufwa. Vikiwa saba, kimoja hubaki bila mwenzake; kihesabu peke yake kama trapeza. Ukingo ukiwa na kona kali, usiiache katikati ya jozi, maana parabola haijui kukunja kona: itaizungusha. Simamisha kigingi palepale kwenye kona, na uhesabu kila upande mbali.

Angalia pia vipimo vinavyozidishwa kwa nne. Kukosea sentimita 20 kwenye kigingi cha nne kunahamisha eneo kwa karibu mita za mraba 2.7, kosa hilohilo kwenye kigingi cha kwanza halifiki hata 0.7. Kama kuna vipimo vya kurudia, anza na hivyo.

Mwisho, linganisha jibu lako na la trapeza. Hapa yamepishana kwa 10 tu. Yakipishana sana, ama kuna namba iliyoandikwa vibaya, ama mto una kona ambazo vigingi vyako havikuziona. Na kabla hujakunja kamba, hesabu vigingi: idadi yake ikiwa witiri, endelea na hesabu.