Vipuri vinavyolala rafuni: namna ya kumwomba msambazaji mali kauli

Mashine za kukamua alizeti mkoani Singida hupata kazi kubwa baada ya mavuno, kuanzia Mei au Juni hadi mbegu zinapopungua. Ndani ya miezi hiyo shafti ikikatika, kiwanda kizima kinasimama, na mwenye mashine hawezi kusubiri mzigo utoke Dar es Salaam, kilomita 700 hivi kwa barabara. Kwa hiyo muuza vipuri wa Singida mjini hulazimika kuwa na shafti dukani, ingawa akiuza mbili kwa mwaka ni bahati yake.

Tufanye hesabu kwa mfano. Duka lina shafti tatu zilizonunuliwa kwa shilingi 400,000 kila moja, na seti mbili za gia za giaboksi kwa 700,000 kila seti. Jumla ni 2,600,000. Daftari la miaka miwili linaonyesha zimeuzwa shafti nne na seti moja ya gia. Faida ikiwa 80,000 kwa shafti na 100,000 kwa seti, wastani wa mwaka ni shilingi 210,000. Mtaji huo ukiwa wa mkopo wa riba ya asilimia 18, riba peke yake inafika 468,000. Duka linamhudumia mteja kwa hasara, na mwenye duka haoni kwa sababu kila akiuza shafti anapata faida.

Dawa yake ni mali kauli: vipuri vinakaa kwako vikiwa bado mali ya msambazaji, nawe unalipa vikishauzwa. Lakini usimwendee kwa kulia shida ya mtaji, maana mtaji unamuuma na yeye pia. Nenda na daftari, na umwonyeshe unachonunua kwake kwa fedha taslimu mwezi hadi mwezi: beringi, mikanda, vitambaa vya kuchujia mafuta. Hapo ndipo nguvu yako ilipo. Maneno yanaweza kuwa haya: “Kaka, beringi na mikanda nitaendelea kuchukua kwako kwa taslimu. Niwekee shafti mbili na seti moja ya gia. Zikiuzwa nakulipa kwa bei iliyozidi ile ya taslimu kwa asilimia 5.” Shafti itakuwa 420,000 na seti 735,000. Faida yako ya mwaka inashuka hadi kama 152,500, lakini hakuna hata shilingi yako iliyolala rafuni. Naye shafti yake inakaa karibu na mashine inayoharibika, badala ya kukaa ghalani kwake huku mteja akimpigia simu mshindani.

Chagua bidhaa kwa uangalifu. Inayofaa ni ya bei kubwa, isiyooza, inayouzwa kati ya mara moja kwa miaka miwili na mara nne kwa mwaka. Kipuri ambacho hakijauzwa kabisa kwa miaka miwili usikitaje. Kitamfanya aone unataka kumgeuza ghala.

Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja unatosha. Yataje idadi, bei, nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudisha, na muda wa kurudisha kisichouzwa. Miezi 12 inatosha. Muda huo ni muhimu, kwa kuwa kwa sheria ya mauzo ya bidhaa, mali iliyochukuliwa kwa masharti ya kuuza au kurudisha ikipita muda uliowekwa bila taarifa ya kuikataa, inahesabika umeinunua. Wizi na kutu viwe juu yako, kwa sababu ufunguo wa duka unao wewe. Kila kipuri kiwe na lebo ya mwenye mali na kikae kwenye rafu yake, hasa kama benki ina dhamana juu ya bidhaa zako.

Mipango hii huvunjika zaidi kwenye malipo. Mkamuaji anachukua shafti kwa mkopo hadi auze mafuta. Mwisho wa mwezi msambazaji anahesabu, shafti haipo na pesa haipo. Andikeni basi kwamba deni linaanza siku kipuri kinapotoka rafuni, hata kama mteja wako hajakulipa, na lilipwe ndani ya siku saba baada ya hesabu ya mwezi. Angalieni pia vipuri vilivyoazimwa na mafundi “kujaribishia”: shafti ambayo grisi ya kiwandani imefutika, au gia yenye mikwaruzo kwenye meno, imeshafungwa kwenye mashine. Hiyo ilipiwe, isirudishwe kama mpya.

Msambazaji akisita, usibishane naye juu ya bei. Mwombe jaribio la msimu mmoja, Mei hadi Oktoba, kwa shafti moja tu, na umtumie hesabu kila mwisho wa mwezi hata kama haijauzwa.