Waziri Angejiuzulu au Amejiuzulu?

"Le ministre aurait démissionné." Ni maneno manne tu ya Kifaransa, lakini yamewatoa jasho wafasiri wengi. Aliyekariri jedwali la vitenzi darasani huona "aurait", akakumbuka kuwa hilo ni umbo la masharti, akaandika kwa Kiingereza: "The minister would have resigned." Ni sawa na kuandika kwa Kiswahili "Waziri angejiuzulu". Msomaji hubaki akingoja: angejiuzulu kama ingekuwaje? Kichwani mwake waziri bado yuko ofisini.

Gazeti la Kifaransa lilisema jambo jingine kabisa: inasemekana waziri amejiuzulu, ila sisi hatujathibitisha. Kwa Kiingereza sahihi, "The minister has reportedly resigned." Kosa la mfasiri halikupunguza makali ya habari tu, liliigeuza juu chini.

Kifaransa kina desturi ya kulitumia umbo la masharti kama alama ya habari isiyothibitishwa. "Serait" hueleza hali inayosemekana ipo sasa, na "aurait" au "serait" ikifuatwa na kitenzi kingine hueleza tendo linalosemekana limekwisha kutendeka. Kiingereza hakina desturi hiyo. Wala Kiswahili: -nge- yetu haibebi uvumi, ndiyo maana tuna inasemekana, inadaiwa na inaarifiwa.

Taabu ni kwamba umbo hilohilo lina kazi nyingine. Pakiwa na "si", yaani kama, basi ni sharti la kweli. Katika "Il a dit qu'il viendrait", alisema kwamba angekuja, ni wakati ujao uliotazamwa kutoka jana, na hapo "would" ya Kiingereza iko mahali pake. Mfasiri mwenye mashaka ana kipimo chepesi: achomeke "paraît-il", yaani eti au yasemekana, katikati ya sentensi. Ikiwa maana haijatikisika, hiyo ni habari isiyothibitishwa.

Tuchukue taarifa ya kubuni, ya aina inayoweza kutua mezani kwa mhariri wa Goma au Bujumbura:

"Un bateau aurait chaviré sur le lac Kivu. L'accident aurait fait une vingtaine de morts. L'embarcation était surchargée. Le capitaine aurait pris la fuite."

Vitenzi vitatu vimevaa shaka. Kimoja, "était", kiko wazi: chombo kilikuwa kimejaza kupita kiasi, na mwandishi anasimama nyuma ya kauli hiyo. Mfasiri anayenyunyiza "reportedly" kila mahali huharibu hapo, kwa sababu anatilia shaka jambo ambalo mwenye habari hakulitilia. Kiingereza safi kingekuwa: "A boat has reportedly capsized on Lake Kivu, killing about 20 people. The vessel was overloaded. The captain is said to have fled." "Reportedly" ya mwanzo imefunika kupinduka na vifo kwa pamoja, kwa kuwa viko katika sentensi moja. Nahodha amehitaji kinga yake mwenyewe. Mtu akiandika "The captain fled", amemhukumu binadamu kwa maneno matatu.

Je, "allegedly"? Neno hilo lina harufu ya mahakama. Linafaa kwa tuhuma, kama vile mtu anayedaiwa kuiba. Ukisema waziri "allegedly" amepata mtoto, unamfanya mtoto aonekane kama kosa la jinai. Na "according to police" haifai hapa, maana taarifa haikutaja polisi. Umbo la Kifaransa husema habari haijathibitishwa bila kusema imetoka kwa nani, na mfasiri hana ruhusa ya kubuni chanzo ili sentensi ipendeze. Taarifa ikianza na "Selon la police", mambo hugeuka: "according to police" peke yake inatosha, na kuiongezea "reportedly" ni kuvaa kofia juu ya kofia.

Wapo wanaodhani shaka hiyo ni ngao. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 29 Julai 1881 inasema, katika kifungu cha 29, kwamba kashfa huadhibiwa hata ikitolewa kwa namna ya kutia shaka. Uingereza nako, anayerudia kashfa ya mwingine huhesabiwa kana kwamba ameitamka mwenyewe. Kwa hiyo "aurait pris la fuite" na "is said to have fled" huonyesha kiwango cha uhakika, si kibali cha kuchapisha.

Saa chache baadaye taarifa mpya inaingia: "Un bateau a chaviré. L'accident aurait fait une trentaine de morts." Mhariri aliye macho haishii kwenye idadi iliyopanda. Anaona kwamba "aurait" ya kwanza imekuwa "a", maana yake kupinduka sasa kumethibitishwa. "Reportedly" inatoka kwenye boti na kuhamia kwa marehemu: "A boat has capsized on Lake Kivu, reportedly killing about 30 people."