Mifuko Ile Ile, Faida Mbili

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lililonunua saruji mara tatu mwezi huu, bei ikipanda kila mara: mifuko 100 kwa shilingi 14,000 mmoja, mingine 100 kwa 15,000, na 100 ya mwisho kwa 16,000. Mzigo wote umegharimu shilingi 4,500,000. Mwezi unapoisha, mifuko 200 imeshauzwa kwa shilingi 18,000 kila mmoja, na mauzo ni 3,600,000. Sasa, mifuko hiyo 200 ilimgharimu mwenye duka kiasi gani?

Kwa njia ya "kwanza kuingia, kwanza kutoka", tunahesabu kwamba mifuko ya bei ya zamani ndiyo iliyouzwa. Gharama ni 2,900,000, faida ghafi 700,000, na mifuko 100 iliyobaki inaandikwa 1,600,000. Kwa njia ya wastani, tunagawa 4,500,000 kwa mifuko 300, na kila mfuko unakuwa 15,000. Gharama inapanda hadi 3,000,000, faida inashuka hadi 600,000, na mzigo uliobaki ni 1,500,000.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu Namba 2 kinaruhusu njia zote mbili, ila bidhaa za aina moja zihesabiwe kwa njia moja, bila kurukaruka kila mwaka. Ghalani, saruji ya zamani hutolewa kwanza kwa sababu ikikaa huganda, lakini hilo halikatazi vitabu kutumia wastani.

Tofauti ya 100,000 haipotei. Ikiwa mifuko 100 iliyobaki itauzwa mwezi ujao bila mzigo mpya, njia ya kwanza itaonyesha faida pungufu kwa kiasi hichohicho. Lakini duka linalojaza ghala kila mara huku bei zikipanda huendelea kuisogeza mbele. Wakati huo, kampuni inayotozwa kodi ya asilimia 30 hulipa mapema shilingi 30,000 zaidi kwa njia ya kwanza.

Linalonihangaisha zaidi ni fedha ya kununulia mzigo mpya. Kurudisha mifuko 200 kwa bei ya sasa ya 16,000 kunahitaji 3,200,000. Katika mauzo ya 3,600,000 zinabaki 400,000 tu. Mwenye duka akitoa zote 700,000 kwa matumizi ya nyumbani, atapungukiwa 300,000 dukani, ingawa hesabu zake ni sahihi. Wastani unapunguza hatari hiyo, hauiondoi.

Wastani nao hukosewa kirahisi. Kama ununuzi wa mwisho ungekuwa mifuko 300, wengi wangejumlisha bei tatu na kugawa kwa tatu, wapate 15,000. Jibu sahihi ni 7,700,000 kugawa kwa 500, yaani 15,400. Kosa hilo utaligundua ukijumlisha gharama ya mifuko iliyouzwa na thamani ya iliyobaki: isipofikia fedha yote ya manunuzi, rudia hesabu.