Karatasi Mlangoni: Namna ya Kumwelekeza Mgeni Aliyechoka

Muhokya ni kituo cha biashara kilichoko kusini ya mji wa Kasese, kwenye barabara kuu iendayo Mbarara. Upande wa magharibi husimama milima ya Ruwenzori, na upande wa mashariki nchi huteremka taratibu hadi Ziwa George, penye nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeti. Nyumba za Muhokya, kama zilivyo nyumba nyingi za vituo vyetu, hazina namba, na njia ziendazo kwenye nyumba hizo hazina majina. Barua hufika katika sanduku la posta mjini, lakini mgeni hawezi kulala katika sanduku la posta. Hapana budi aelekezwe kwa mti, kwa daraja na kwa ukuta.

Mwezi wa Novemba, mtoto wa shangazi yangu alikuwa akitoka Kampala kuja kututembelea. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 300, na yeye alikuwa ametoka katika zamu ya usiku. Siku hiyo hiyo mimi niliitwa kazini kwa ghafla. Niliandika maneno machache katika karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa duka lililoko penye kituo cha basi, chini ya taa ya baraza, kisha nikaondoka. Nilijua kwamba mwenye duka hufunga saa moja jioni, na kwamba simu ya msafiri aghalabu huwa imekwisha moto kabla ya safari kwisha. Karatasi ilisema hivi: "Binamu, nimeitwa kazini mpaka Jumapili. Ukishuka katika basi kata mkono wa kushoto, fuata njia iliyopo. Nyumba yetu ni ile yenye mlango wa buluu, karibu na wauza mahindi."

Binamu alishuka saa mbili usiku, akaisoma, akakata mkono wa kushoto. Alitembea karibu nusu saa. Nyumba zilipungua, kisha zikaisha. Nyasi zikawa ndefu, na ardhi ikazidi kuteremka. Alikutana na mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye kapu la samaki. Mzee akamwuliza, "Kijana, unakwenda wapi na usiku huu? Huku ni ziwani. Saa hizi viboko wanatoka majini kuja kula nyasi." Mzee akamgeuza, akamrudisha hadi kituoni, akamwulizia nyumba yetu. Mke wangu alimfungulia mlango karibu na saa nne, miguu imemvimba.

Niliporudi nyumbani nilisikitika, na zaidi niliona haya. Katika chuo cha maofisa wanafunzi tulifundishwa kuandika kadi ya njia kabla ya kila mwendo wa usiku. Kila kipande cha njia hupewa mstari wake: mahali pa kuanzia, upande wa kuelekea, umbali, alama itakayoonekana mwishoni, na kitu kitakachokuonya kwamba umeipita alama hiyo. Nilikuwa nimewafundisha askari jambo hilo kwa miaka, lakini kwa ndugu yangu niliandika kama mtu asiyepata kulisikia. Basi niliichukua ile karatasi nikaikagua makosa yake moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza na lililo kubwa ni neno "kushoto". Mimi hupenda kusafiri kwa njia ya Mbarara. Basi litokalo Mbarara huingia Muhokya likielekea kaskazini, na milima huwa kushoto kwa abiria. Nyumba yetu iko upande wa milima, hivyo mkono wangu wa kushoto ulikuwa sahihi. Lakini binamu alipanda basi la Bwera lipitialo Fort Portal na Kasese. Basi hilo huingia Muhokya likielekea kusini, na kwa abiria wake kushoto ni ziwani. Neno lilikuwa lile lile, lakini lilimpeleka mtu upande ulio kinyume kabisa na nyumba.

Hapo ndipo nilipotambua faida ya mlango. Mtu anayeelekezwa kwa simu yaweza kuwa amesimama popote na ameelekea popote. Mtu anayesoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, mwandishi anajua kwa yakini amesimama wapi na uso wake umeelekea wapi: ameelekea mlango. Duka lile liko upande wa ziwa na mlango wake umeelekea barabara. Basi maneno ya kwanza yapasa yawe "Upe mlango huu mgongo." Atokaye Mbarara na atokaye Fort Portal, wote wawili wakiugeuzia mlango ule mgongo, wataiona barabara mbele yao na milima ng'ambo yake. Tangu hapo, kulia na kushoto vina maana moja kwa kila msomaji.

Kosa la pili ni alama zenyewe. Rangi ya buluu usiku haionekani. Huwa nyeusi kama rangi nyingine. Wauza mahindi huondoka na majiko yao jua linapotua. Alama ya njia yapasa iwe kitu kisichoondoka, kionekanacho kwa umbo si kwa rangi, na ikiwezekana kigusike kwa mkono au mguu. Hata alama ya mawe yaweza kuondoka. Mto Nyamwamba, upitao Kilembe na mji wa Kasese, ulipofurika mwezi wa Mei 2013 na tena Mei 2020, ulibomoa madaraja na nyumba ambazo watu walikuwa wakielekezana nazo. Kwa sababu hiyo mwandishi yampasa aitembee njia yake siku ile ile anapoandika, wala asitegemee kumbukumbu ya mwaka uliopita.

Kosa la tatu ni umbali. Sikuandika umbali wowote, na kwa hiyo binamu hakuwa na kitu cha kumwambia kwamba ameshazidisha. Jeshini tunahesabu hatua jozi: kila mguu wa kushoto unapogusa ardhi unahesabu moja, na kwa mtu wa kimo cha wastani mita 100 za nchi tambarare ni kama hatua jozi 65. Lakini hesabu hiyo haimfai mgeni aliyechoka. Mlimani na gizani hatua hufupika, na mwenye mzigo begani hupoteza hesabu kabla ya kufika mia. Kwake yeye dakika zafaa zaidi, nazo zipimwe kwa mwendo wa pole wa mtu mwenye mzigo.

Kosa la nne ni la usalama. Karatasi ya mlangoni haina bahasha. Kwa kuandika kwamba sipo mpaka Jumapili, nilikitangazia kituo kizima kwamba mke na watoto wangu wako peke yao. Isitajwe safari ya mwenye nyumba, wala mahali ulipo ufunguo, wala jina kamili la mgeni.

Mwezi wa Februari binamu aliazimia kuja tena, na kwa bahati mbaya kazi iliniita tena. Asubuhi ile nilitoka dukani, nikaitembea njia polepole nikiwa na saa mkononi, kisha nikaandika kwa herufi kubwa:

"Kwa mtoto wa shangazi. Upe mlango huu mgongo. Vuka barabara ya lami, upande na njia iliyo mbele yako hadi mwembe mkubwa, dakika 5. Ardhi ikiteremka kabla ya mwembe, umekosea, rudi hapa. Penye mwembe pinda kulia, nenda hadi daraja dogo lenye kuta mbili za mawe, dakika 4. Maji yatoke kushoto kwako kwenda kulia. Vuka, nenda hadi tanuu kuukuu la chokaa lililo kushoto, dakika 3. Nyumba ya pili baada ya tanuu, upande huo huo, ina ngazi tatu za mawe. Bisha hodi, wanakungoja. Ukifika kwenye uzio wa shule, umepita, rudi nyuma. Karatasi hii ichukue."

Msomaji ataona kwamba alama ni tatu tu. Zipo nyingine nyingi njiani, lakini mtu aliyekesha garini hawezi kukariri saba, na simu yake ikiwa imezimika hataweza kuisoma karatasi gizani. Nilichagua zile zenye kitendo: penye mwembe anapinda, penye daraja anavuka, penye tanuu anaanza kuhesabu nyumba. Kitu ambacho mgeni atakipita tu bila kufanya lolote sikukiandika.

Maneno juu ya maji yana sababu yake. Tangu mwembeni njia huambaa ubavu wa mlima kuelekea kaskazini, na mifereji ya kwetu hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Mwenye kwenda kaskazini ataona au atasikia maji yakimpita kutoka kushoto kwenda kulia. Akiyakuta yakienda kinyume cha hivyo, basi amepinda upande usio wake penye mwembe na sasa anaelekea kusini. Ni dira ambayo haihitaji taa.

Ama kuhusu kuichukua karatasi, hilo lilikuwa agizo la mwisho kwa makusudi. Mgeni hubaki nayo mfukoni, awezaye kumwonyesha mpita njia akikwama. Na mlango hubaki mtupu, usimwelekeze mwingine nyumbani kwetu.

Mke wangu alinieleza yaliyotokea. Binamu alibisha hodi saa mbili na dakika ishirini, robo saa na ushei tangu basi lilipomshusha. Jambo moja tu lilimtatiza. Februari ni kiangazi, na mfereji aliukuta mkavu. Kipimo changu cha maji hakikumfaa kitu. Mimi niliyekuwa nimepita pale asubuhi ile ile niliuona ukavu huo, nami niliandika maji kwa mazoea ya msimu wa mvua. Alisimama darajani kwa muda akisikiliza maji yasiyokuwepo. Kisha akanyosha mkono gizani, akaugusa ukuta wa mawe wa upande mmoja, akaugusa na wa upande wa pili, akavuka.

Karatasi ile ameirudisha kwangu, imekunjwa mara nne. Nimekwisha kuufuta mstari wa maji, na juu yake nimeandika: "Mvua ikiwa imenyesha."