Mwanzilishi Mmoja, Kampuni Tatu: Pesa Yako Inaingia Wapi?

Tuseme uko Gilgil na unataka kununua ploti upande wa Kikopey. Anayeuza unamjua: ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ana lori zake barabarani, na sasa amefungua kampuni ya mashamba. Unajiambia, huyu hawezi kutoroka, duka lake liko hapa. Unatoa simu kulipa depositi.

Ngoja kidogo. Hilo duka na hiyo kampuni ya mashamba ni kitu kimoja kisheria, au ni biashara mbili tofauti zenye sura moja kwenye bango?

Jina moja, mifuko tofauti

Kesi ya Cytonn inaeleza jambo hili vizuri. Edwin Dande na wenzake watatu waliianzisha mwaka 2014 baada ya kutoka Britam. Kwa mwekezaji wa kawaida, Cytonn ilikuwa Cytonn tu. Lakini ndani kulikuwa na vyombo kadhaa, kila kimoja na usajili wake. Cytonn Money Market Fund ilikuwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA. Cytonn High Yield Solutions, iliyoahidi faida kubwa zaidi, haikuwa chini ya CMA.

Pesa ya chombo hicho cha pili ilikuwa imeingizwa kwenye ujenzi wa nyumba, na wenye pesa walipoidai, haikutoka kwa wakati. Mwaka 2021 kiliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru kifilisiwe. Maelfu ya watu walikuwa wanadai zaidi ya shilingi bilioni 10. Leseni ya ndugu yake haikuwakinga.

Kwa hivyo hata kampuni zikiwa za kundi moja, kila moja hubeba deni lake. Ndugu yake halipi, isipokuwa kama alitia sahihi dhamana kwa maandishi.

Jinsi ya kuangalia

Kwanza, omba rasimu ya mkataba wa ploti na usome jina kamili la muuzaji. Bango linaweza kusema chochote. Mkataba ndio utakaoenda nao mahakamani.

Pili, ingia eCitizen, sehemu ya Business Registration Service, uombe CR12 ya kampuni hiyo. Unalipia ada kwa simu. Ni karatasi inayoonyesha wakurugenzi, wenye hisa, na kila mmoja ana hisa ngapi. Watu wengi husoma wakurugenzi tu, lakini mkurugenzi anaweza kuwa mwajiriwa. Tazama hisa.

Turudi kwa jamaa wetu wa Gilgil. Tuseme CR12 inaonyesha hisa 1,000: yeye ana 100, na watu wawili usiowajua wana 900. Hapo yeye ni sura tu, kampuni si yake. Kama hisa zote 1,000 zingekuwa zake, tungesema mwenyewe ni mmoja, ingawa bado kampuni ingebeba deni lake peke yake. Na kama hisa zingeshikwa na kampuni nyingine, hapo ndipo pana kundi. Omba CR12 ya hiyo kampuni mama pia, upande ngazi hadi ukute majina ya watu.

Na duka je? Huenda halina CR12 kabisa, kwa sababu ni jina la biashara tu, si kampuni. Deni la duka ni deni lake yeye mwenyewe. Lakini depositi yako ya ploti si deni la duka.

Tatu, linganisha jina la kwenye simu na la kwenye mkataba. Mkataba ukisema kampuni ya mashamba, na simu ikionyesha duka au jina la mtu binafsi, usiweke PIN. Uliza kwanza. Mtu anayechanganya pesa za biashara zake namna hiyo ndiye atakayekwambia kesho kwamba kampuni haikupokea kitu.

Ukilipa kupitia Pay Bill ya benki, jina utakaloona ni la benki. Hapo omba barua ya benki inayosema akaunti ni ya nani.

CR12 haisemi kila kitu

Haitakuonyesha mtu aliyejificha nyuma ya jina la mke au shemeji, wala haisemi kama kampuni ina pesa. Haisemi pia kama ploti ipo. Hiyo utaiuliza ofisi ya ardhi. Lakini swali la nani utamdai mambo yakiharibika, hilo itakujibu kabla hujabonyeza tuma.